Zege la Mwanga: nilivyopima sahani nzima ya chipsi mayai

Mdogo wangu anacheza winga, ana kilo 64, na tangu amalize kidato cha sita hazipiti siku mbili bila kula zege. Jioni akitoka uwanjani anapitia banda la chipsi la hapa kwetu Mwanga, Kigoma, anarudi nyumbani saa mbili usiku ameshiba, na ugali na dagaa alioachiwa vinalala kwenye hotpoti. Nikimuuliza, jibu ni lilelile kila siku: "Dada, mimi mtu wa mazoezi, nahitaji protini. Zege lina mayai."

Sikuweza kumbishia, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua sahani ile ina nini. Nilijua yai lina protini na kiazi kina wanga, lakini kujua hivyo si kujua kiasi. Nikatafuta "chipsi mayai" kwenye programu ya simu anayoandikia milo yake. Yakaja majibu matatu, na lile kubwa lilikuwa zaidi ya mara mbili ya lile dogo. Hakuna lililosema mayai ni mangapi, viazi ni kiasi gani, wala mafuta yaliingia vipi. Mimi nafundisha kemia. Namba isiyosema ilipimwaje hainisaidii kitu, kwa hiyo niliamua kuipata yangu pale pale kwenye karai.

Kwa ambaye hajawahi kula: zege ni chipsi zilizokwisha kukaangwa, zikamwagwa kwenye kikaango, zikamiminiwa mayai yaliyopigwa, zikaachwa zishikane mpaka ziwe kitu kimoja kama keki ya bapa. Jina limetoka kwa mafundi ujenzi, maana mayai yanazishika chipsi kama saruji inavyoshika kokoto. Linaliwa na kachumbari, sosi ya nyanya, pilipili, na kijiti cha meno badala ya uma.

Nilimwendea muuzaji saa kumi jioni, kabla wateja hawajaanza kupanga foleni. Sote tunamwita fundi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Fundi, leo nimekuja na mizani."

"Mizani ya nini tena? Umetumwa na Wakala wa Vipimo?"

Nilimweleza kuwa nataka kujua sahani moja ina protini kiasi gani, wanga kiasi gani na mafuta kiasi gani, vile vitatu ambavyo vijana wa mazoezi wanaviita makro. Akaniuliza kama hilo litamharibia biashara. Nikamwambia sitataja banda lake na sitamzuia mtu kununua. Akavuta stuli, akasema, "Kaa hapo, lakini usiguse moto."

Tulianza na viazi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Majedwali ya vyakula yana kiazi kibichi na yana chipsi zilizokaangwa, na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa kwa hesabu. Gramu 100 za kiazi kibichi kilichomenywa zina kama gramu 17.5 za wanga, gramu 2 za protini, mafuta karibu na sifuri, na kalori 77. Karibu gramu 79 kati ya hizo 100 ni maji. Kiazi kikiingia kwenye mafuta ya moto, maji yanatoka kama mvuke. Zile povu zinazochemka kwenye karai ni maji yanayokimbia. Kiazi kinapungua uzito, lakini wanga haupungui. Mtu akipima chipsi zilizoiva kisha akatumia namba za kiazi kibichi, ameutupa wanga mwingi bila kujua, na mafuta hakuyahesabu kabisa.

Njia ya kujilinda ni kupima kabla na baada. Nilimwomba fundi anipe viazi vilivyokatwa na kukaushwa kwa kitambaa, kilo 2 kamili, tukavikaanga peke yake. Vilipotoka na kuchuja mafuta vilikuwa na gramu 1,160. Yaani kila gramu 100 mbichi inakuwa gramu 58 za chipsi. Hiyo ni namba ya banda hili, kwa viazi hivi, kwa unene huu wa kidole cha mtoto. Banda jingine linalokausha chipsi zaidi litapata chini ya hapo.

Fundi hapimi kwa mizani. Anachota kwa mkono na jicho, na kusema kweli jicho lake ni zuri. Nilipima sahani tano mfululizo kabla hazijaingia kwenye kikaango. Nyepesi ilikuwa gramu 210, nzito gramu 255, na wastani wa zote tano ulikuwa gramu 232. Ukigawa 232 kwa 0.58 unapata 400. Kwa hiyo sahani ya kawaida imebeba gramu 400 za kiazi kibichi, na kutoka hapo hesabu ya kiazi inakaa sawa: wanga gramu 70, protini gramu 8, kalori 308. Hiyo protini ya kiazi tuiweke pembeni, tutairudia.

Sasa mafuta. Hapa ndipo moyo wa hesabu yote ulipo, na hapa ndipo programu ya simu haiwezi kukusaidia, kwa sababu haikuwepo kwenye karai.

Gramu moja ya mafuta ina kalori kama 9, kwenye majedwali 8.84, wakati gramu moja ya wanga au ya protini ina 4. Kwa hiyo ukikosea gramu 10 za kiazi hujaharibu kitu, lakini ukikosea gramu 10 za mafuta umekosea kalori karibu 90. Na mafuta yaliyoingia ndani ya chipsi huwezi kuyaona wala kuyapima moja kwa moja, kwa sababu maji yanatoka wakati mafuta yanaingia, na mizani inakuonyesha tofauti tu.

Niliamua kufanya hesabu ya usiku mzima: kilichoingia kwenye karai, kilichobaki, na kilichotoweka. Mafuta hayaruki hewani kama maji. Yakipungua kwenye karai, karibu yote yameondoka na chipsi. Siku hiyo fundi alikuwa na kilo 20 za viazi vilivyomenywa na kukatwa, tulivyopima kwenye mizani ya duka la jirani. Alianza na lita 4 za mafuta ya alizeti, akaongeza lita 2 kadiri usiku ulivyoendelea. Akauza sahani 50: mazege 30 na chipsi kavu 20.

Kilichobaki hatukukipima usiku ule. Mafuta ya moto yanatanuka, na lita moja ya mafuta yanayochemsha chipsi si lita moja yakipoa. Ningeyapima hapo hapo ningedhani yamebaki mengi kuliko ukweli. Niliamka alfajiri kabla ya kwenda shuleni, tukayachuja yakiwa yamepoa, tukapata lita 4.25. Lita 6 toa 4.25 ni lita 1.75. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa kama gramu 920, kwa hiyo zilizotoweka ni kama gramu 1,610.

Lakini si zote zilizoondoka karaini na chipsi. Kila anapopika zege, fundi huchota mafuta kwenye karai hilo hilo, kijiko kimoja cha chakula, na kuyaweka kwenye kikaango. Nilikipima kijiko chake: gramu 14. Mazege 30 mara gramu 14 ni gramu 420. Ukizitoa kwenye 1,610 unabaki na 1,190, zilizogawanyika kwenye kilo 20 za viazi. Hiyo ni gramu 6 za mafuta kwa kila gramu 100 za kiazi kibichi. Sahani ya gramu 400 inabeba gramu 24.

Namba hii iko upande wa juu kidogo. Yapo mafuta yaliyorukia kwenye mchanga, yaliyobaki kwenye makapi tuliyoyachuja, na yaliyofutwa na kitambaa cha fundi. Ningependa kukosea kwa upande huo kuliko kudhani mafuta ni machache.

Nikiwa nimekaa pale nilielewa pia kwa macho jambo ninalolifundisha darasani. Sehemu kubwa ya mafuta haiingii wakati chipsi ziko ndani ya karai. Zikiwa mle, mvuke unasukuma nje na mafuta hayapati njia. Chipsi zikishatolewa, ule mvuke uliobaki kwenye vitundu vidogo unapoa na kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na mafuta yaliyotanda juu ya chipsi yananyonywa ndani. Kwa hiyo dakika ya kwanza baada ya kutoa ndiyo inayoamua. Fundi akizitoa kwa chujio la waya, analikung'uta kwa nguvu mara tatu au nne juu ya karai huku mafuta yakiwa bado ya moto na mepesi. Wateja wakizidi, anakung'uta mara moja tu na kumwaga kwenye kabati la kioo. Chipsi za haraka hizo zinaacha ziwa dogo kwenye karatasi. Nilizipima: zile za kukung'utwa vizuri na zile za haraka, kutoka viazi vya uzito ule ule, zilitofautiana gramu 9 kwa sahani moja. Uzito huo ni mafuta matupu.

Joto la mafuta nalo lina neno lake. Mafuta yakiwa na joto la kutosha, nyuzi 170 hadi 180 za selsiasi, chipsi zinachangamka mara zinapoingia na ganda linafunga. Fundi akijaza karai kupita kiasi, joto linashuka, sauti ya kuchemka inafifia, chipsi zinalegea na kukaa humo muda mrefu. Utazitambua: zinapinda ukizishika na kijiti, na zinang'aa. Fundi hana kipimajoto; anatupa kipande kimoja, akisikiliza. Kikipanda juu na kuchemka papo hapo anamwaga vingine.

Hapa Kigoma lazima niseme na mawese, maana sisi ndio watu wa michikichi. Wapo wanaokaangia mawese yaliyosafishwa, na nimeulizwa kama yananenepesha zaidi ya alizeti. Kwa kalori hakuna tofauti. Gramu moja ya mafuta ni gramu moja ya mafuta. Tofauti ni aina. Karibu nusu ya mawese ni mafuta yale mazito yanayoganda, ndiyo maana dumu la mawese huwa zito asubuhi ya baridi, wakati kwenye alizeti aina hiyo ni kama sehemu moja tu ya kumi. Kwenye jumla ya makro tunayofanya hapa, alizeti na mawese yanaingia kwa namba ile ile. Kwa mtu aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta ya kuganda, si kitu kimoja.

Tuje kwenye kikaango. Fundi anaweka kikaango cha bapa kwenye jiko la mkaa, anakiacha kipate moto, anamimina kijiko chake cha mafuta, anazungusha. Chipsi zinaingia, anazitandaza kwa mgongo wa kijiko. Mayai mawili anayavunjia kwenye kikombe cha plastiki, chumvi kidogo, anayapiga kwa uma kama mara ishirini, kisha anayamimina kuanzia ukingoni kuja katikati. Yanalia. Anatingisha kikaango ili mayai yapenye chini ya chipsi, anasubiri ukingo ukauke, ndipo anafunika kwa sahani, anapindua, na kulirudisha zege upande wa pili likishuka taratibu. Upande ule uliogeuka unakuwa na rangi ya dhahabu yenye madoa ya kahawia. Sekunde zisizofika sitini, limetoka.

Nilipima kikaango kabla na baada. Katika gramu 14 za mafuta, zilizobaki zimeshika kwenye chuma zilikuwa 2. Gramu 12 ziliondoka na zege. Mayai yakiwa mabichi yanayanyonya mafuta kama sifongo, na chipsi zinasaidia.

Mayai yenyewe yalikuwa ya kisasa, ya trei. Yai moja lilikuwa na gramu 57 na ganda lake, na gramu 50 bila ganda. Mawili ni gramu 100, ambazo zina protini gramu 12.6, mafuta gramu 9.5, wanga chini ya gramu moja, na kalori 143. Mayai ya kienyeji ni madogo. Mtu akinunua zege la kienyeji asiandike namba hizi. Avunje moja, alipime, kisha ahesabu kwa gramu.

Kachumbari ya fundi ni nyanya gramu 50 na kitunguu gramu 15, ambazo kwa pamoja zina kalori 15 na wanga gramu 3 na kitu. Sosi ya nyanya, kijiko kimoja cha chakula, ina kalori 17 na wanga gramu 4.5, wingi wake ukiwa sukari. Mdogo wangu anaweka vijiko vitatu, lakini hesabu hii nimeifanya kwa kimoja.

Basi tujumlishe. Protini: 8 za kiazi, 12.6 za mayai, na chembe za kachumbari. Jumla gramu 21. Wanga: 70 za kiazi, na nyongeza za kachumbari, sosi na mayai, jumla gramu 79. Mafuta: 24 za karai, 12 za kikaango, 9.5 za mayai, na punje ya viazi. Jumla gramu 46. Kalori: 308 za kiazi, 212 za mafuta ya karai, 106 za mafuta ya kikaango, 143 za mayai, 15 za kachumbari na 17 za sosi. Jumla ni 801.

Hesabu ya namna hii lazima ihakikiwe kwa njia ya pili. Zidisha protini kwa 4, wanga kwa 4 na mafuta kwa 9, zile namba tulizorithi kutoka kwa mkemia Mmarekani Wilbur Atwater. Unapata 84, 316 na 414, jumla 814. Zimepishana kalori 13, na sababu inajulikana: ndani ya wanga wa viazi kuna nyuzinyuzi karibu gramu 9, ambazo mwili hauzitumii kama wanga mwingine, na kuna kukadiria desimali. Zingepishana 100 ningejua kuna kitu nimekihesabu mara mbili au nimekiruka. Kosa la kawaida la aina hiyo ni kuchukua namba ya "chipsi zilizokaangwa" kwenye jedwali, ambayo tayari ina mafuta ndani yake, kisha kuongeza tena mafuta ya karai.

Nilijaribu pia njia ya mkato, nione ingenipeleka wapi. Chipsi nyembamba za migahawa ya haraka, kwenye jedwali la Wamarekani, zina kama kalori 312 kwa gramu 100. Kwa gramu 232 hizo ni kalori 724 kabla ya yai hata moja. Chipsi za fundi, kwa kipimo changu, ni 520. Chipsi nene zina uso mdogo kwa uzito wake, kwa hiyo zinabeba mafuta machache. Na mtu ambaye angechukua gramu 232 na kuziandika kama kiazi kibichi angepata kalori 179 tu. Kati ya 179 na 724, zote zikitoka kwenye chipsi zile zile na mizani ile ile, unaona kwa nini majibu ya simu yalikuwa yanapishana vile.

Usiku uliofuata nilimkalisha mdogo wangu mezani, nikamwonyesha karatasi. Nusu ya nguvu ya sahani yake inatoka kwenye mafuta. Karibu sehemu nne kwa kumi ni wanga. Protini ni sehemu moja ya kumi. Na katika gramu 21 za protini, 8 zimetoka kwenye viazi, si mayai. Hilo lilimnyamazisha. Alikuwa anafikiri kiazi hakina protini kabisa na yai ndilo linalobeba kila kitu.

"Kwa hiyo zege si protini?"

Nikamwambia ni chakula chenye protini kidogo ndani ya nguvu nyingi. Mchezaji wa kilo 64 anayefanya mazoezi kwa bidii anashauriwa apate kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, yaani gramu 77 hadi 128. Zege moja linampa 21. Akitaka afikie 77 kwa zege pekee, atakula karibu manne, na kalori zitapita 2,900. Kwenye hotpoti, dagaa wa Kigoma wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, wanampa si chini ya gramu 12.5 kwa gramu 25 tu kabla ya kupikwa. Kiganja kimoja kidogo cha dagaa ni sawa na mayai yake mawili.

Sikutaka aache zege. Analipenda, anakula na wenzake, na baada ya mechi wanga huo unamfaa. Nilitaka ajue namna ya kuliagiza. Tulikaa na penseli tukabadilisha kitu kimoja kimoja. Akiongeza yai la tatu: protini inapanda gramu 6, kalori zinapanda 72. Akipunguza viazi kutoka gramu 400 hadi 300: kalori 77 za kiazi zinaondoka, na gramu 6 za mafuta yaliyokuwa yamebebwa na viazi hivyo zinaondoka nazo, kalori nyingine 53. Fundi akitumia nusu kijiko kwenye kikaango badala ya kijiko kizima, zinaondoka gramu 7, kalori 62. Sahani mpya ina kalori kama 680, protini gramu 26 hivi, wanga 62, na mafuta 38. Njaa yake inashiba karibu vilevile, kwa sababu mayai yameongezeka.

Hiyo nusu kijiko haikukubali mara ya kwanza. Fundi alitumia chipsi zilizokuwa zimepoa kwenye kabati, mayai yakashika chuma na zege likavunjika vipande viwili wakati wa kupindua. Mara ya pili alitumia chipsi zilizotoka kwenye karai dakika ile ile. Chipsi za moto zinatoa mafuta yake kidogo chini ya kikaango, na zege likateleza lenyewe. Kwa hiyo nusu kijiko inawezekana chipsi zikiwa zimetoka motoni sasa hivi na kikaango kikiwa kimepata moto kabla ya mafuta. Kwa chipsi za kabatini, fundi anarudi kwenye kijiko kizima, na mimi simlaumu.

Wale wanaokula wawili sahani moja waniruhusu neno moja. Usigawe kwa macho kwa kusema "nimekula nusu". Pima zege zima likitoka, hili lilikuwa na gramu 330 bila kachumbari, kisha pima kipande chako. Ukila gramu 200 umekula sehemu sita kwa kumi ya kila kitu kilicho kwenye zege. Zege lina faida hii juu ya chipsi kavu na yai la kukaanga pembeni, kwamba mayai, viazi na mafuta vimesambaa sawasawa, ukikata kama keki kila kipande kinabeba sehemu yake ya vyote.

Na namba 801 yenyewe niisemee. Viazi vya maji mengi vina wanga mdogo na vinanyonya mafuta zaidi. Vya unga mwingi ni kinyume chake. Mkono wa fundi unapungua na kuzidi gramu 20 na zaidi. Nikikusanya yote hayo, zege la kawaida la banda hili naliweka kati ya kalori 740 na 860. Kwa ambaye hana mizani wala usiku wa kukaa na fundi, ningeshika mambo matatu: viazi vilivyoiva gawa kwa 0.58 kupata vibichi, weka gramu 6 za mafuta kwa kila gramu 100 mbichi, na uliza kijiko cha kikaango kina ukubwa gani. Lipo pia jedwali la vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na shule ya afya ya umma ya Harvard. Lina namba za vyakula vyetu vingi na linatosha kwa kachumbari na mengineyo. Mafuta ya karai ndiyo utakayoyapima mwenyewe.

Jana jioni nilipita bandani nikitoka sokoni. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi na wenzake wawili, viatu vya mpira vikiwa shingoni. Nilimsikia akimwambia fundi, "Viazi punguza, mayai matatu, kikaango nusu kijiko, na kung'uta vizuri." Fundi akakung'uta chujio juu ya karai, moja, mbili, tatu, nne, matone ya mwisho yakadondoka, ndipo akazimwaga kwenye kikaango. Wenzake wakauliza hiyo oda ni ya wapi. Akafungua simu, akaanza kuwaonyesha hesabu.